Anwani haisomwi, hulinganishwa

Mwenyekiti wa kikao, wahariri, wasanifu wa kurasa, nanyi wasoma prufu wenzangu, asanteni kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie makosa yanayobaki ukurasani hata baada ya macho mawili au matatu kupita. Nitazungumzia aina moja tu, nayo ni anwani za barua pepe, viungo vya tovuti na namba za simu ambazo mwandishi aliziandika sawasawa, kisha programu ikazibadilisha bila yeye kujua.

Neno la kawaida likikosewa, sentensi nzima inalitetea. Mtu akikuta "kitabo" anajua ni kitabu, anaendelea na safari yake. Anwani haina sentensi ya kuitetea. Herufi moja ikibadilika, hiyo si anwani ileile yenye kosa dogo. Ni anwani nyingine, na pengine ina mwenyewe. Mwaka 2023 gazeti la Financial Times liliripoti kwamba barua pepe nyingi zilizokusudiwa kwenda jeshi la Marekani, ambalo anwani zake huishia na `.mil`, zilikuwa kwa miaka mingi zikienda kwenye `.ml`, ambayo ni ya nchi ya Mali. Chanzo kilikuwa herufi moja iliyoachwa wakati wa kuandika. Sikilizeni hapo: barua hizo zilikuwa na mahali pa kufika, na zikafika. Tumezoea kudhani kwamba anwani mbovu itajitangaza yenyewe, kwamba kitu kitagoma au kurudi. Mara nyingi hakigomi.

Sasa, kwa nini jicho la msoma prufu, ambalo linaona koma iliyokaa vibaya kwenye mstari wa arobaini, linapita juu ya anwani mbovu bila kushtuka? Kwa sababu tunasoma kwa maana. Jicho linanasa umbo la neno, akili inakamilisha yaliyobaki. Kwenye anwani hakuna cha kukamilisha. Huwezi kujua kwa kusoma tu kama ni `ofisi.kuu` au `ofisikuu`, kama mwisho ni 123 au 132. Yote mawili yanaonekana sahihi. Na chombo tunachokitegemea kutuamsha, yaani ule mstari mwekundu chini ya neno, hapa hakifanyi kazi. Microsoft Word, kwa mfano, ina mpangilio unaoiambia isikague tahajia ya anwani za intaneti na za mafaili, na ukiwa umewashwa, anwani iliyoharibika inakaa safi bila alama yoyote. Nimewaona wasahihishaji wazuri wakichukulia ukimya huo kuwa ni kibali.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii, na mengine yote nitakayosema yanatoka humo: anwani haisomwi, hulinganishwa. Tena hulinganishwa mara mbili, kwa sababu kwenye skrini kila kiungo ni vitu viwili, yaani maandishi yanayoonekana na anwani iliyofichwa chini yake, na kimoja kinaweza kuwa kizima huku kingine kimeharibika.

Nitumie mfano mmoja tuutembee pamoja. Tuseme tunasoma prufu ya kipeperushi cha ukurasa mmoja kinachowaalika watu wajaze fomu ya maombi. Mwenye shughuli alituma mawasiliano yake hivi:

```
Barua pepe: maoni.fomu@example.org
Fomu: https://www.example.org/fomu/2024-2025/ombi
Simu: +44 1632 960123
```

Nimetumia `example.org` kwa sababu jina hilo limetengwa rasmi kwa ajili ya mifano tangu 1999, na namba hiyo ya simu inatoka kwenye fungu ambalo Uingereza imelitenga kwa ajili ya michezo ya kuigiza, ili asipigiwe mtu asiyehusika. Ni desturi njema kwa yeyote anayeandika mwongozo. Kipeperushi kikapita mikono kadhaa, na prufu iliyotua mezani kwetu inasema hivi:

```
Barua pepe: Maori.fomu@example.org
Fomu: https://www.example.org/fomu/2024–2025/ombi.
Simu: 441633000000
```

Tuanze na barua pepe. Mtu aliyepokea taarifa aliichapa upya kwenye simu ili aitume kwenye kundi. Kibodi yake ilikuwa imewekwa Kiingereza, na kamusi ya Kiingereza haina neno maoni. Jirani yake wa karibu ni Maori. Kisahihishi hakisubiri umalize anwani nzima. Kinaamua pale unapobonyeza nafasi, nukta au alama nyingine inayoashiria kwamba neno limekwisha. Alipoweka nukta baada ya "maoni", kisahihishi kikaona neno limekamilika, kikalibadilisha na kuliwekea herufi kubwa, kwa kuwa ni jina la watu. Sehemu iliyofuata ikabaki kama alivyoiandika. Ndiyo maana makosa haya hukaa zaidi mwanzoni mwa anwani na kwenye vipande vilivyotengwa kwa nukta au kistari. Angalieni pia kwamba jambo hili halitokei unapojaza fomu yenye kisanduku maalumu cha barua pepe, kwa kuwa kwa kawaida huko kibodi huacha kusahihisha. Linatokea kwenye ujumbe wa kawaida, na hapo ndipo tunapopokelea mawasiliano mengi siku hizi.

Hapo kuna mabadiliko mawili, na uzito wake si sawa. Herufi kubwa ya mwanzo kwa kawaida haina madhara. Sehemu iliyo kulia kwa alama ya `@` haijali kabisa ukubwa wa herufi. Sehemu ya kushoto, kwa mujibu wa kanuni za barua pepe, seva inaruhusiwa kuijali, ila kwa vitendo ni nadra sana kukuta inayofanya hivyo. Mimi hurudisha herufi ndogo kama mwenyewe alivyoandika, lakini sisimamishi kazi kwa ajili yake. Kwenye viungo mambo ni tofauti. Jina la tovuti halijali ukubwa wa herufi, lakini yanayofuata baada ya mkwaju unaokuja mara baada ya jina hilo yanaweza kujali, na seva nyingi zinajali. `/Fomu` na `/fomu` zinaweza kuwa kurasa mbili, au moja ipo na nyingine haipo. Viungo vilivyofupishwa ndivyo hatari zaidi, kwa sababu vingi vina mchanganyiko wa herufi kubwa na ndogo usio na maana yoyote kwa msomaji, na mhariri mwenye mkono mwepesi akiona herufi kubwa katikati huona vyema kuisawazisha. Asiiguse.

Kuhusu r iliyochukua nafasi ya n, dawa ni kulinganisha na kile alichotuma mwenye shughuli, siyo na nakala ya mtu wa katikati. Kisha jaribu. Lakini jaribio la barua pepe lina mtego wake. Watu hutuma ujumbe, wakisubiri saa nzima bila kuona ujumbe wa kushindwa, wanaandika "imehakikiwa". Ukimya hauthibitishi chochote. Seva nyingine zimewekwa zipokee barua ya jina lolote na kuitupa kwenye sanduku moja ambalo hakuna anayelifungua. Nyingine hunyamaza kwa makusudi ili walaghai wasijue ni majina yapi yapo. Na kuna uwezekano kwamba jina hilo lipo kweli, ni la mtu mwingine. Kwa hiyo ujumbe wa majaribio uwe na ombi: "Tafadhali nijibu ukiipata hii, na unitajie uko idara gani." Jibu la mtu sahihi ndilo uthibitisho.

Tuje kwenye kiungo, ambako nataka tukae kidogo, maana hapa ndipo hata wenye uzoefu hujikwaa. Kuna mabadiliko mawili. Nukta ya mwisho wa sentensi imegandana na anwani, na kile kistari kati ya 2024 na 2025 kimerefuka. Kwenye karatasi tofauti yake ni kama unene wa ukucha, lakini kwa kompyuta hizo ni herufi mbili zisizohusiana. Kistari kifupi ndicho kilicho kwenye kibodi. Kile kirefu ni herufi nyingine, na ukurasa wenye kistari kirefu kwenye jina lake haupo.

Kimetoka wapi? Mara nyingi hatufikirii kwamba tumekileta sisi wenyewe. Kanuni nyingi za uchapaji zinataka kistari kirefu katikati ya miaka au kurasa, na mhariri anapofika mwisho wa kazi huagiza programu ibadilishe kila kistari kilicho kati ya tarakimu mbili. Agizo hilo halibagui. Linapita kwenye miaka, linapita kwenye viungo, linapita kwenye namba za simu zilizoandikwa kwa vistari. Word nayo ina tabia yake: ukiandika vistari viwili mfululizo kati ya maneno, inavigeuza kuwa deshi moja ndefu, na wapo wenye tovuti ambazo anwani zake zina vistari viwili kwelikweli.

Sasa sikilizeni kilichofuata kwenye kipeperushi chetu. Msoma prufu alifanya alichofundishwa, akabofya kiungo. Ukurasa ukafunguka vizuri. Akaweka alama ya sawa. Imewezekanaje? Kwa sababu kiungo kilitengenezwa mapema, mhariri alipobonyeza nafasi baada ya kuandika anwani, wakati kistari kilikuwa bado kifupi. Word ilichukua anwani ile nzima na kuihifadhi chini. Agizo la kubadilisha vistari lilipokuja baadaye, lilibadilisha maandishi ya juu tu. Bofya linatumia anwani ya chini, na ya chini ilikuwa salama. Msomaji anayenakili maandishi kutoka kwenye PDF na kuyabandika kwenye kivinjari atapata ukurasa usiopatikana, na hakuna atakayemwelewa akilalamika, maana kila anayejaribu kwa kubofya anaona kinafanya kazi.

Kinyume chake kipo, nacho kinauma zaidi. Mtu anachukua kipeperushi cha mwaka jana, anaweka mshale katikati ya anwani iliyo na rangi ya buluu, anafuta 2023-2024 na kuandika 2024-2025. Kinachoonekana kimebadilika. Kilicho chini kimebaki cha mwaka jana. Ukichapisha kwenye karatasi na kusoma kwa kalamu nyekundu, hutaliona kosa hilo hata ukisoma mara ishirini, kwa sababu kwenye karatasi halipo. Msomaji akibofya anapelekwa kwenye fomu iliyofungwa. Barua pepe nayo hivyohivyo: juu imeandikwa jina jipya, chini bado kuna `mailto:` ya ofisa aliyehama.

Kwa hiyo kubofya ni jaribio la tabaka la chini peke yake. Kunakili na kubandika ni jaribio la tabaka la juu peke yake. Yafanyeni yote mawili, kwa kila kiungo. Kwenye Word kuna njia ya kuona matabaka yote bila kubofya: bonyeza Alt pamoja na F9, na kila kiungo kitafunuka kionyeshe kilichofichwa, kwa umbo hili:

```
{ HYPERLINK "https://www.example.org/fomu/2023-2024/ombi" }
```

Ukibonyeza tena vinajifunika. Kwenye PDF, weka mshale juu ya kiungo bila kubofya, na programu nyingi za kusomea zitakuonyesha anwani kamili. Ilinganishe na iliyoandikwa, herufi kwa herufi.

Na ukibandika kwenye kivinjari ukapata ukurasa usiopatikana, kuna namna ya kumjua mkosaji. Nakili anwani kutoka kwenye upau wa anwani na uibandike mahali pa maandishi matupu. Herufi ambazo hazistahili kuwemo kwenye anwani hujitokeza kama alama za asilimia. Anwani yetu itatoka hivi:

```
https://www.example.org/fomu/2024%E2%80%932025/ombi.
```

Hiyo `%E2%80%93` ndiyo kistari kirefu. Ukiona `%E2%80%99`, programu imepindisha alama ya mkato wa juu. `%20` ni nafasi iliyopenyezwa, na mara nyingi kibodi ya simu ndiyo huipenyeza, kwa kuongeza nafasi baada ya neno ulilolichagua kwenye mapendekezo. `%C2%AD` ni kile kistari kisichoonekana ambacho programu ya kupanga kurasa hukitumia kujua pa kukata neno. Hicho usitegemee kukiona kwa jicho. Mkiweza kuzitambua hizo nne, mtakuwa mmepata sehemu kubwa ya visa mtakavyokutana navyo.

Nataka mtambue jambo hapa, kwa sababu linabadilisha mahali pa kuweka nguvu zenu. Kistari kirefu kinaua kiungo kwenye skrini, lakini kwenye bango la ukutani hakina madhara: anayekisoma atabonyeza kistari cha kibodi yake na kufika salama. Kwenye karatasi adui ni mwingine, ni mwisho wa mstari. Programu ya kupanga kurasa ikikuta anwani ndefu inaikata na kuweka kistari kuonyesha neno linaendelea. Msomaji hana njia ya kujua kama kistari hicho ni cha anwani au cha mpangaji. Anwani ikilazimika kukatwa, ikatwe bila kuongezewa alama yoyote, na ikatwe kabla ya nukta au kabla ya mkwaju, ili mstari wa pili uanze na alama inayomwambia msomaji kwamba bado inaendelea. Msiikate penye kistari chake halisi. Kama anwani ina kistari cha chini, yaani `_`, ondoeni ule mstari wa chini ambao viungo huwekewa, maana unakifunika kabisa, na kwenye karatasi `ofisi_kuu` inasomeka kama maneno mawili yenye nafasi katikati. Ile nukta ya mwisho, kama mtindo wenu unaruhusu, pangeni sentensi upya ili anwani isiwe neno la mwisho. La sivyo, hakikisheni nukta iko nje ya kiungo.

Namba ya simu nimeiacha mwisho kwa kuwa hadithi yake ni fupi na mbaya. Kutoka `+44 1632 960123` tumefikia `441633000000`. Hakuna kibodi iliyofanya hivyo. Imepita kwenye lahajedwali. Mtu aliweka orodha ya mawasiliano kwenye Excel, akiandika namba bila nafasi katikati. Programu ikaona tarakimu, ikaamua ni kiasi, siyo jina la laini ya simu. Ikaondoa alama ya kujumlisha. Kwa kuwa tarakimu ni kumi na mbili, ikaionyesha kwa ufupisho:

```
4.41633E+11
```

Hadi hapo namba kamili bado ilikuwepo ndani ya kisanduku, ingeweza kuokolewa. Lakini orodha ikahifadhiwa kama faili la CSV, na faili hilo huchukua kinachoonekana. Lilipofunguliwa tena, ufupisho ule ukageuzwa kuwa namba, na tarakimu sita za mwisho zikawa sifuri. Hazirudi tena. Tena hata tarakimu ya sita si ya kweli, kwani 2 imekuwa 3 kwa sababu ya kukadiria. Namba ya simu inayoishia na msururu wa sifuri iwatie shaka mara moja, na mkiona kwenye orodha moja namba kadhaa za namna hiyo, rudisheni orodha yote kwa aliyeituma, msishughulike na moja moja.

Namba ya ndani ya nchi huharibika kwa njia nyepesi zaidi: `01632960123` hupoteza sifuri ya mbele na kubaki na tarakimu kumi. Hapo kuhesabu ndiko kunakosaidia. Hesabu tarakimu za namba zote kwenye orodha; iliyopungukiwa moja itajionyesha. Namba ya kimataifa haizidi tarakimu kumi na tano, ukijumlisha na ya nchi. Wapo pia wanaoandika `+44 (0)1632`, wakidhani wanamsaidia kila mtu. Anayepiga kutoka nje akiibonyeza ile sifuri, simu haiendi. Iandikwe kwa namna moja, ya kimataifa, bila mabano. Kwenye lahajedwali, safu ya simu ipewe umbizo la maandishi kabla ya kuingiza namba ya kwanza. Kuibadilisha baadaye hakurudishi kilichopotea.

Kuhesabu hakukamati tarakimu zilizobadilishana nafasi. Kwa hilo mnahitaji watu wawili: mmoja anasoma kwa sauti kutoka kwenye taarifa ya mwenyewe, mwingine anafuata kwenye prufu kwa kidole. Tarakimu mbili mbili, au moja moja, ila zisisomwe kwa mkupuo wa namba nzima, kwa sababu akili itaanza kuimba. Kama uko peke yako, linganisha kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Kisha piga simu, na aliyepokea ajitambulishe yeye kwanza kabla hujamtajia jina unalolitarajia. Ukimuuliza, "Hapo ni ofisi ya maombi?" wapo watakaosema ndiyo.

Sasa haya yafanywe lini? Si wakati wa kusoma maandishi, kwa sababu ukiwa umezama kwenye maana hutaweza kuacha maana. Anwani zipewe zamu yake, ya mwisho kabisa, juu ya faili lilelile litakalochapwa au kupakiwa, baada ya msanifu kugusa kitu cha mwisho. Msizitafute kwa macho. Tumieni kitafutio: `@`, halafu `://`, halafu `www`, halafu `+`. Kwenye Word, kitafutio kinaelewa pia alama zisizochapika: `^=` hutafuta kistari kirefu cha miaka, `^+` hutafuta deshi ndefu, `^-` hutafuta kile kistari kilichojificha, na `^s` ile nafasi isiyokatika. Kila mnachokikuta kilinganisheni na karatasi moja ya mawasiliano, ambayo mwenye shughuli mwenyewe ameituma kwa maandishi matupu, na ambayo hakuna aliyeichapa upya tangu hapo. Mnapohitaji kurekebisha, nakilini kutoka kwenye karatasi hiyo na kubandika. Msichape. Na mnapobandika, chagueni kubandika maandishi peke yake, ili anwani ya zamani iliyofichwa chini isije nayo.

Nimeletewa swali kwenye kikaratasi: tufanye nini kama muda umekwisha, mwenye shughuli hapatikani, na tunaona kabisa kwamba anwani imeharibika? Jibu langu linategemea kilichoharibika. Kistari kirefu, nafasi iliyopenyezwa, nukta iliyogandana na mwisho, hizo mnaweza kuzirekebisha, ilimradi mnakili, mbandike, na ukurasa ufunguke ukiwa ni ule unaotajwa kwenye maandishi. Kwenye barua pepe, kama taarifa ya kwanza ipo mkononi na inasema `maoni`, rudisheni `maoni`. Taarifa hiyo isipokuwepo, kuhisi kwamba Maori lazima ilikuwa maoni hakutoshi, hata kama mna uhakika moyoni, kwa sababu huenda lilikuwa `maono`. Namba ya simu yenye sifuri sita haina cha kurekebishwa. Itoeni, acheni barua pepe na kiungo vilivyokwisha kuhakikiwa, na mwandikeni mwenye shughuli kwamba mstari wa simu umeondolewa hadi atakapoituma upya.